Somo la Namba Hasi kwa Kidato cha Kwanza: Chini ya Sifuri

Kutoka Moshi tunauona mlima Kilimanjaro wenye theluji kileleni, penye kimo cha mita 5,895. Tuseme kipimajoto kilichoachwa kambini, juu huko, kinaonesha nyuzi 4 za selisiasi saa 12 jioni, na kila saa joto linapungua kwa nyuzi 2. Saa 1 usiku kitaonesha 2, na saa 2 kitaonesha 0, yaani kiwango ambacho maji huganda. Baridi haikomi hapo kwa sababu tu namba tulizozizoea zimekwisha. Saa 3 usiku joto litakuwa nyuzi 2 chini ya sifuri, nasi tutaandika −2, tukisoma "hasi mbili". Saa 4 litakuwa −4.

Sasa chora mstari wa namba daftarini mwako, ukiweka sifuri katikati na nafasi zilizo sawa kila upande:

```
−6  −5  −4  −3  −2  −1  0  1  2  3  4  5  6
```

Weka ncha ya kalamu kwenye 4, kisha uisogeze kushoto nafasi mbili kwa kila saa, hadi ufike −4. Namba zilizo kulia kwa sifuri huitwa chanya, na zilizo kushoto huitwa hasi. Sifuri yenyewe si chanya wala hasi.

Tuuchukue mstari huohuo dukani, kila nafasi ikiwa shilingi 1,000. Mama amechukua unga na mafuta kwa mkopo, na mwenye duka ameandika kwenye daftari la madeni shilingi 5,000. Nyumbani hana hata senti moja, kwa hiyo hali yake ya fedha ni −5,000. Akiuza ndizi akapata 3,000, akazipeleka zote dukani, atasogea kulia nafasi tatu na kufika −2,000: bado anadaiwa 2,000. Akilipa hizo pia, atafika sifuri, ambapo hana fedha wala hadaiwi.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, nami naomba tutulie kidogo. Deni la 5,000 ni kubwa kuliko deni la 2,000, lakini namba −5,000 ni ndogo kuliko −2,000, kwa kuwa iko kushoto zaidi mstarini. Ukubwa wa deni ni umbali kutoka sifuri. Ukubwa wa namba huamuliwa na mahali ilipo, na iliyo kulia daima ndiyo kubwa. Vivyo hivyo, usiku wa −4 una baridi kali kuliko usiku wa −2, kwa sababu joto lake ni dogo zaidi.

Jaribu mwenyewe: joto la kambini lilikuwa −6 alfajiri, likapanda nyuzi 9 kufikia saa 4 asubuhi. Sogeza kalamu, uandike kipimajoto kitaonesha ngapi, kisha umweleze jirani yako ulivyovuka sifuri.