Orodha ya Wagonjwa Wanaohisiwa Kuwa na Kipindupindu: Kituo cha Afya, Wiki ya 10, 2025

Hali: mlipuko unahisiwa, haujatangazwa. Orodha ilifunguliwa 4/3/2025, imesasishwa 7/3/2025 saa 12 jioni. Anayejaza ni muuguzi wa zamu. Mratibu wa ufuatiliaji huikagua kila asubuhi, kisha nakala huenda wilayani.

Nani anaingia: kila anayeharisha choo cha maji kisicho na damu, mara tatu au zaidi ndani ya saa 24. Safu ya "Fasili" huandikwa N (ndiyo) iwapo ana miaka 2 au zaidi na ana upungufu mkali wa maji mwilini, au amefariki kwa kuharisha huko. Wengine huandikwa H, ila wasiachwe nje. Mlipuko ukitangazwa tutawahitaji wote, na hatutaweza kurudi kuwatafuta.

Majina hayamo humu. Yamo katika rejista ya kituo kwa namba ileile.

| Na. | Umri, jinsia | Makazi; maji ya kunywa | Alianza | Alifika | Upungufu wa maji | Fasili | Kipimo cha haraka; sampuli | Tiba | Hatima |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| 001 | 34 ME | Mtaa wa Chini, kaya 12. Kisima cha wazi | 3/3 usiku | 4/3 saa 2:10 asubuhi | Mkali | N | Chanya. Imetumwa 4/3 | C | Ameruhusiwa 6/3 |
| 002 | 61 KE | Mtaa wa Chini, kaya 15; kisima cha wazi | 4/3 jioni | 5/3 saa 5:30 asubuhi | Mkali | N | Chanya; imetumwa 5/3 | C | Amefariki kituoni 5/3 |
| 003 | 4 ME | Mtaa wa Chini, kaya 12. Kisima cha wazi | 5/3 alfajiri | 5/3 saa 4:00 asubuhi | Kiasi | H | Hasi. Haikutumwa | B, zinki | Ameruhusiwa 6/3 |
| 004 | 27 KE, mjamzito | Mtaa wa Chini, kaya 9. Kisima cha wazi | 5/3 usiku | 6/3 saa 1:20 asubuhi | Mkali | N | Chanya. Imetumwa 6/3 | C | Amelazwa |
| 005 | Miezi 14, KE | Mtaa wa Juu, kaya 3. Bomba la jumuiya | 5/3 mchana | 6/3 saa 3:00 asubuhi | Kiasi | H | Hakupimwa | B, zinki | Ameruhusiwa 7/3 |
| 006 | 45 ME | Mtaa wa Chini, kaya 21. Kisima cha wazi | 5/3 jioni | 6/3, alifikishwa amekwisha kufariki | Mkali, kwa maelezo ya ndugu | N | Hakupimwa | Hakuna | Amefariki nyumbani 6/3 |
| 007 | 19 ME, kibarua | Mtaa wa Juu, kaya 8. Hunywa kisima cha wazi akiwa kazini | 6/3 usiku | 7/3 saa 2:45 asubuhi | Hakuna | H | Hakupimwa | A | Ameruhusiwa 7/3 |

Jumla hadi sasa: 7 waliorodheshwa, 4 wanatimiza fasili, vifo 2 (kituoni 1, nyumbani 1), aliyelazwa 1. Majibu ya kuotesha hayajarudi.

Ufunguo wa tiba: A ni maji ya chumvichumvi nyumbani, B ni maji ya chumvichumvi chini ya uangalizi kituoni, C ni dripu ya Ringa laktati. Kwa mwenye mwaka 1 na zaidi, C ni mililita 100 kwa kila kilo: 30 ndani ya nusu saa, 70 zinazobaki ndani ya saa mbili na nusu.

Kwa wanaojaza

"Alianza" ni siku ya choo cha kwanza cha maji, si siku ya kufika. Muulize aliyemleta, maana mgonjwa mwenyewe mara nyingi hawezi kusema. Vimelea hukaa mwilini kati ya saa 12 na siku 5 kabla ya dalili. Tarehe hiyo ikikosewa, tutatafuta chanzo mahali pasipo na kitu.

Makazi yaandikwe mpaka kaya. Ona 007: anaishi Mtaa wa Juu, na kama tungeishia hapo angehesabiwa pamoja na wa bomba. Alipoulizwa anakunywa wapi mchana, ikawa ni kisima kilekile cha 001 hadi 004 na 006. Watu sita kati ya saba. Kwa hiyo timu ya maji imekwisha kuombwa kutibu kisima hicho kwa klorini bila kungoja maabara.

Kipimo cha haraka kikiwa hasi usimfute mgonjwa. Kipimo hicho hakithibitishi wala hakiondoi kipindupindu. Uthibitisho ni wa maabara. Namba ya sampuli iwe namba ya mgonjwa, iandikwe kwenye chupa kabla haijatoka chumbani.

Vifo vya nyumbani vinaingia kama 006. Ndugu zake wanastahili kufuatwa leo hii: nani aliosha mwili, nani alikula nyumbani humo, nani ameanza kuharisha.

Hatima isibaki "Amelazwa" baada ya mgonjwa kuondoka. Anayetoa ruhusa ndiye anayeandika tarehe, palepale kitandani. Usifute kwa wino mweupe. Chora mstari mmoja, andika lililo sahihi pembeni, tia saini.

Kesho saa 1 asubuhi: kupeleka 008 kuendelea, kuulizia majibu ya 001, 002 na 004, na kutembelea kaya 9, 12, 15 na 21.