Mada: Saa za vikao mwezi wa Ramadhani, na ombi kwa niaba ya Bakari

Kwa: Timu ya mradi wa maji (Dar es Salaam, Mwanza na Kigoma)
Nakala: Meneja wa Fedha
Tarehe: Jumatatu, 9 Februari 2026

Ndugu wenzangu,

Habari za kazi. Wa Kigoma, poleni na mvua.

Ramadhani imekaribia. Mwezi ukiandama mapema, mfungo utaanza Jumatano ya wiki ijayo, tarehe 18 Februari. Usipoonekana, itakuwa Alhamisi tarehe 19. Ninaomba kwa siku hizo 29 au 30 tusogeze vikao vyetu vitatu vya wiki, ili mhasibu wetu Bakari avihudhurie akiwa na nguvu na awahi nyumbani kufuturu. Bakari ameisoma barua hii kabla sijaituma, amenirekebisha mahali pawili nilipokosea, na ameridhia niwaeleze ratiba yake. Yeye mwenyewe asingeomba. Tumefanya kazi pamoja mwaka wa nne sasa na sijawahi kumsikia akitaja swaumu kama sababu ya jambo lolote.

Kwanza niseme kilichonifanya niandike. Machi ya mwaka jana niliitisha kikao cha bajeti saa 10 na nusu jioni. Nilidhani kingechukua dakika 40. Kilikwenda hadi saa 12 na robo, na muda mwingi aliyekuwa anaeleza tarakimu ni Bakari. Hakuangalia saa hata mara moja. Baadaye sana nikaja kujua kwamba adhana ya magharibi ilimkuta kwenye foleni ya pantoni pale Magogoni, akafuturu kwa tende mbili na chupa ya maji akiwa amesimama, wakati mkewe na watoto wanamsubiri mkekani Kigamboni. Kikao kile kingeweza kabisa kufanyika asubuhi. Niliyekipanga ni mimi, na nilishamwomba radhi, lakini radhi bila kubadilisha ratiba haitamsaidia mwaka huu.

Wengi wetu tunajua kwamba mwenye kufunga hali wala hanywi tangu alfajiri hadi jua linapozama, hata maji. Nilichokuwa sikijui mimi ni namna usiku unavyokwenda. Kwa hapa Dar es Salaam mwezi huu jua linazama kama saa 12 na dakika 45 jioni. Bakari anafungua kwa tende na maji, anaswali magharibi, kisha ndiyo wanakaa kwenye futari yenyewe: uji wenye pilipili manga, mihogo au magimbi ya nazi, tambi, na chochote ambacho jirani amepitisha kwa sahani iliyofunikwa kawa. Isha inaingia karibu saa 2 usiku, na baada yake kuna tarawehe msikitini. Anarudi nyumbani saa 3 na nusu hivi, watoto wanataka kuzungumza naye, na kulala ni saa 5. Saa 9 na nusu usiku vijana wa mtaani wanapita na ngoma na madebe kuamsha watu, wanaamka kula daku. Alfajiri inaingia kama saa 11 na robo. Akishaswali hapati tena nafasi ya kulala, kwa sababu anataka kuvuka na pantoni kabla watu hawajajaa.

Kwa hiyo tukimwona amechoka saa 9 alasiri, tusidhani ni njaa tu. Anasema njaa mwili unaizoea baada ya siku nne au tano. Kinachomlemea ni usingizi uliokatwa vipande viwili, na kiu pale anapolazimika kuzungumza mfululizo. Asubuhi kichwa chake kiko wazi kuliko chetu sote. Nimeona mwenyewe kazi anazomaliza kati ya saa 1 na nusu na saa 5. Kuanzia saa 8 mchana anapenda kazi za kimya: kulinganisha hati za malipo, kupanga majalada, kujibu barua. Kumtaka atetee bajeti mbele ya watu kumi na wawili saa 10 jioni ni kumwonea, na mradi nao unapata hasara kwa sababu tunapata nusu ya uwezo wake.

Ratiba tuliyokubaliana na Meneja wa Fedha ni hii: Bakari ataingia saa 1 na nusu asubuhi na kutoka saa 10 jioni. Mapumziko yake ya mchana yatakuwa nusu saa, kwa ajili ya sala ya adhuhuri, maana chakula hali. Ukihesabu, saa zake nane zinabaki zilezile na hakuna kazi yake itakayohamia kwa mwingine. Ijumaa atatoka saa 6 na robo kwenda msikitini na kurudi saa 8, na muda huo ataufidia kwa kufanya kazi za ofisi akiwa nyumbani Jumamosi asubuhi, kama alivyofanya siku zote bila kuambiwa.

Sasa vikao. Kile cha mipango cha Jumatatu, ambacho sasa tunakaa saa 9 alasiri, naomba kije saa 3 asubuhi. Sioni kikwazo, isipokuwa kwa Mzee Mushi ambaye Jumatatu asubuhi huwa benki. Mzee wangu, naomba uniambie kama saa 4 itakufaa zaidi. Kikao cha Ijumaa cha kupitisha malipo kinaanza saa 6 na nusu mchana, yaani saa ileile watu wanakwenda kwenye hutuba. Hiki kilipaswa kusogezwa miaka mingi iliyopita, na si kwa Ramadhani pekee. Napendekeza saa 4 asubuhi, na kibaki hapo hata baada ya Idi.

Kigumu ni cha Jumatano. Tunakaa saa 10 jioni kwa sababu wenzetu wa Mwanza na Kigoma wanakuwa wametoka vijijini. Nikikileta saa 2 na nusu asubuhi, ninyi mnachelewa kuondoka, na najua visima vya mbali vinahitaji kuondoka mapema. Sitaki kumpunguzia mmoja mzigo kwa kuwatwika wengine. Mkiona inawezekana kwa wiki hizi nne, nitashukuru sana na nitahakikisha hatuvuki dakika 45. Mkiona haiwezekani, semeni bila kusita: tutaacha kikao palepale, Bakari atatuma tarakimu zake kwa maandishi siku moja kabla, nami nitazisoma kwa niaba yake. Maswali yatamfikia Alhamisi asubuhi.

Katika hilo tumkumbuke pia Dada Mwajuma aliye Ujiji, ambaye naye anafunga. Nchi yetu inatumia saa moja, lakini jua halijui hilo. Magharibi ya Kigoma inakuja kama dakika 40 baada ya ya Dar es Salaam, karibu saa 1 na nusu usiku. Kwa hiyo saa 11 jioni, wakati sisi wa huku tunahesabu kwamba futari imekaribia, yeye bado ana zaidi ya saa mbili. Alianza kufunga baadaye kidogo, ni kweli, lakini ameshinda juani kwenye visima. Dada, kama kuna jambo la kukurahisishia na wewe, niandikie mimi peke yangu. Na yeyote mwingine anayefunga na angependa mpangilio kama huu, mlango ni huohuo. Si lazima aeleze zaidi ya anavyotaka.

Safari ya ukaguzi Kigoma iliyopangwa wiki ya tarehe 9 Machi, naomba isubiri hadi baada ya Idi, ambayo itakuwa tarehe 20 au 21 Machi. Msafiri anaruhusiwa kula na kulipa siku zake baadaye, Bakari amenieleza hivyo, na kama kazi haina budi atakwenda. Lakini wiki hiyo inaingia kwenye kumi la mwisho, siku ambazo waumini wanautafuta usiku wa Lailatul Kadri na kukesha kwa ibada. Angependa kuwa kwake na kwenye msikiti wake. Wakaguzi wameniambia hawana shida na tarehe 25 Machi.

Mambo mawili madogo ambayo Bakari ameniomba niyaseme. La kwanza, msifiche chai. Mwaka jana kuna waliokuwa wanatoka na vikombe vyao kwenda kunywa ngazini, na yeye aliona aibu kuliko wao. Kuleni na kunyweni kama kawaida. La pili, asipunguziwe kazi wala kuachwa nje ya majukumu kwa huruma. Ripoti ya robo mwaka ni yake na anataka ibaki yake. Anachohitaji ni saa tu.

Mwaka huu kuna jambo limenigusa. Jumatano ya Majivu nayo ni tarehe 18 Februari, kwa hiyo huenda tukaanza siku moja, yeye Ramadhani na sisi Kwaresima. Wakristo tutakaotaka misa ya asubuhi siku hiyo tutahitaji kufika ofisini saa 3. Bakari alipoiona kalenda, wa kwanza kuniambia nisiweke kikao asubuhi hiyo alikuwa yeye. Basi Jumatano hiyo hatutakuwa na kikao kabisa. Tutaanza ratiba mpya Jumatatu tarehe 23.

Naomba majibu yenu ifikapo Ijumaa tarehe 13, hasa kutoka Mwanza na Kigoma kuhusu kikao cha Jumatano. Anayeona pendekezo langu litamletea shida na hapendi kusema mbele ya wote, anipigie. Nitarekebisha kalenda ya timu Jumamosi.

Na habari njema mwishoni: mke wa Bakari anatualika futari nyumbani kwao Kigamboni, Jumamosi tarehe 7 Machi. Amesema tusibebe chochote, lakini mimi nitapitia tende sokoni Kariakoo. Tuvuke na pantoni ya saa 11 jioni, ili safari hii tumkute yeye amekwishafika kabla ya adhana.

Wenu,
Neema
Mratibu wa Mradi