Barua kwa Jopo la Udahili: Kwa Nini Naomba Kusoma Theolojia

Kwa Wajumbe wa Jopo la Udahili,
Idara ya Theolojia.

YAH: OMBI LA NAFASI YA KUSOMA SHAHADA YA KWANZA YA THEOLOJIA

Waheshimiwa wajumbe,

Nimehitimu sekondari mwaka huu, masomo yangu makuu yakiwa Historia na Fasihi, na ninaomba nafasi ya kusoma theolojia katika chuo chenu. Mmeagiza kila mwombaji aeleze kwa maneno yake kilichomfanya achague fani hii. Kwangu mimi jambo lilianzia katika Kitabu cha Ayubu, na hadi leo sijatoka humo.

Shuleni nilikuwa kiongozi wa kikundi cha kujifunza Biblia. Mwenzetu mmoja alifiwa na mdogo wake, na mhubiri aliyekwenda kuifariji familia akasema mbele ya waombolezaji kwamba mtoto yule asingekufa kama imani ya nyumba ile ingekuwa thabiti. Mwenzetu aliporudi shuleni aliacha kuja kwenye kikundi. Nilimfuata, naye akaniuliza swali moja tu: ndivyo Biblia inavyosema? Nilimjibu kwamba sivyo. Akataka nimwonyeshe. Mhubiri alikuwa ametaja mistari, tena mistari iliyomo kweli, na kumwambia kwamba mimi sikubaliani nayo kusingemsaidia kitu.

Basi tukakaa kukisoma Kitabu cha Ayubu chote, sura zote 42. Nasema chote kwa sababu wengi wetu huhubiriwa sura mbili za mwanzo na aya za mwisho: mtu mwema akapoteza mali na watoto, akavumilia, akarudishiwa maradufu. Katikati kuna mashairi marefu ambamo Ayubu havumilii hata kidogo. Anailaani siku aliyozaliwa, anamtaka Mungu afike mahakamani, anasema ameonewa. Marafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari ndio wanaomtetea Mungu, na ukiyatoa maneno yao pale yalipo, mengi yanafaa kuandikwa ukutani: Mungu ni wa haki, huwaadhibu waovu, basi tubu naye atakuinua. Kisha katika sura ya 42 Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake inawaka juu yake na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Waliomtetea wanaambiwa watoe sadaka ya kuteketezwa, na aliyelalamika ndiye anayetakiwa kuwaombea.

Mwenzangu alisoma aya ile mara kadhaa kabla ya kusema lolote. Alichosema baadaye ni kwamba mhubiri wake yumo kitabuni, na jina lake ni Elifazi.

Hilo ndilo ninalotaka kulisomea. Mtu anaweza kumsemea Mungu kwa maneno yaliyomo katika Maandiko, kwa nia njema, na bado akawa amesema uongo juu ya Mungu na kumuumiza mwenye haki. Kama hilo linawezekana, kusema juu ya Mungu ni kazi inayohitaji elimu, na mwenye kuifanya anapaswa kuulizwa amefikaje kwenye anachokisema.

Tulipomaliza, maswali yalinizidia badala ya kupungua. Elihu anazungumza kuanzia sura ya 32 hadi ya 37, kisha anatoweka: Mungu hamkemei wala hamsifu, na mwisho wa kitabu haumtaji. Je, hotuba zake ziliongezwa baadaye, au kuna sababu ya ukimya huo? Katika mzunguko wa tatu wa majibizano Bildadi anapewa aya sita tu, Sofari hasemi kabisa, na mwisho wa sura ya 27 Ayubu anatamka maneno yanayofanana mno na ya wale anaobishana nao. Nimesoma kwamba wataalamu wengi huona maandishi yalivurugika hapo, na wengine hudhani Ayubu anawarudishia marafiki maneno yao wenyewe. Siwezi kuchagua kati ya maoni hayo, kwa kuwa sijui Kiebrania. Na lipo moja linalonisumbua kuliko yote. Mwishoni Ayubu anarudishiwa mifugo maradufu, lakini watoto anapata kumi, idadi ile ile ya waliokufa. Kuna wanaosema watoto hawakuongezwa maradufu kwa sababu wale wa kwanza wangali hai mbele za Mungu. Ni faraja nzuri, ila sijaiona kitabuni, na nataka kujua mpaka ni upi kati ya kufasiri andiko na kulitia maneno mdomoni.

Historia imenionyesha kwamba swali hili haliishii kwenye nyumba ya msiba. Afrika Kusini, makanisa ya Kirefomati ya Waafrikana yaliutetea ubaguzi wa rangi kwa Biblia. Simulizi la mnara wa Babeli lilisomwa kana kwamba Mungu ameagiza mataifa yakae mbalimbali milele. Mwaka 1982, mkutano wa Muungano wa Makanisa ya Kirefomati Ulimwenguni uliofanyika Ottawa ulitangaza kwamba kuuhalalisha ubaguzi huo kwa theolojia ni uzushi. Mwaka huo huo kanisa lililokuwa limetengwa kwa ajili ya watu walioitwa machotara liliandika Ungamo la Belhar, likalipitisha rasmi mwaka 1986. Wangeweza kusema tu kwamba ubaguzi ni ukatili, na wangekuwa wamesema kweli. Walikwenda mbali zaidi: walisema ni mafundisho ya uongo, wakaonyesha kwa Maandiko yale yale kwamba Kristo amewapatanisha watu, hivyo kanisa linalowatenga kwa rangi linaikana habari linayoihubiri. Somo baya lilijibiwa kwa somo bora. Nikiulizwa theolojia inafaa nini, huo ndio mfano ninaoutoa kwanza.

Ujerumani nako, mwaka 1934, wachungaji na waumini waliokataa kanisa kutiishwa chini ya itikadi ya Wanazi walitoa Tamko la Barmen. Ninaliheshimu sana, na vilevile naona kwamba halikutaja waziwazi mateso ya Wayahudi, jambo ambalo Karl Barth, mwandishi wake mkuu, alilijutia baadaye. Hata theolojia jasiri inaweza kuacha jambo zito nje. Ningependa kusoma matamko haya mawili pamoja, chini ya mwalimu atakayenihoji.

Wengine hunishauri nichague elimu inayogusa maisha ya watu, kana kwamba mafundisho ya imani ni mambo ya wachache waliojifungia na vitabu. Gregori wa Nisa, aliyeishi karne ya 4, alilalamika kwamba Konstantinopoli ukimuuliza mtu bei ya mkate anakujibu kuwa Baba ni mkuu kuliko Mwana. Yeye yalimchosha, mimi nayaonea wivu mazungumzo yale, maana watu wa sokoni walijua kuna kitu kikubwa kinachogombewa. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulikuwa umekataa fundisho la Ario kwamba Mwana aliumbwa, na Athanasio wa Aleksandria akafukuzwa mjini mwake mara tano katika ugomvi uliofuata. Hoja yake naielewa kwa njia hii: kiumbe hakiwezi kukiokoa kiumbe kingine, kama Kristo si Mungu kweli, basi Mungu mwenyewe hajatufikia. Kwa mwenye kufiwa, hilo si jambo la wanazuoni peke yao. Anataka kujua kama aliyelia kaburini kwa Lazaro ni Mungu, au ni mjumbe aliyetumwa na Mungu aliyebaki mbali.

Mimi ni mwamini, na sitaki kulificha hilo wala kulitumia kama sifa ya kupewa nafasi. Najua idara yenu hufundisha uhakiki wa Maandiko, na kwamba nitaambiwa mambo ambayo sikuyasikia katika mafundisho ya kipaimara. Baadhi nimeshaanza kuyaona. Injili ya Marko katika nakala mbili mashuhuri za karne ya 4, za Sinai na za Vatikano, inaishia sura ya 16 aya ya 8, wanawake wakikimbia kutoka kaburini kwa hofu, bila kumwambia mtu neno. Nilipolijua hili, baadhi ya wenzangu waliogopa kwa ajili yangu. Mimi nilizidi kuipenda Injili ile. Imani inayosalimika kwa kufichwa nakala za kale siitaki, na siamini kwamba Mungu wa Ayubu anaihitaji.

Siombi kusoma theolojia ili niwe mchungaji. Huenda nikaitwa huko, na nikiitwa nitasikiliza, lakini kwa sasa naona kazi mbili mbele yangu. Ya kwanza ni kufundisha somo la dini sekondari, mahali ambapo mwanafunzi akiuliza kwa nini Mungu aliruhusu jambo fulani, mara nyingi huambiwa asimjaribu Mungu. Ya pili ni kuandika, kwa Kiswahili kinachosomeka, maelezo ya vitabu vya Biblia kwa ajili ya wanaoongoza vikundi kama kile chetu. Wengi wao hawatafika chuo kikuu, na ndio wanaosemeshwa kwanza msiba unapotokea.

Nimekwishajifunza herufi za Kiyunani na ninasoma polepole aya za mwanzo za Injili ya Yohana nikisaidiwa na kamusi. Kiebrania sijakigusa, na ndicho ninachokitamani zaidi, kwa sababu ya Ayubu. Katika ratiba ya masomo yenu nimeona mwaka wa pili una somo la fasihi ya hekima, na mwaka wa tatu tasnifu fupi. Mkinipokea, ningependa tasnifu yangu iwe juu ya hotuba za Elihu: kama anasema kitu ambacho wale watatu hawakukisema, au ni sauti ile ile yenye umri mdogo. Kijana anayejiona amejaa maneno hata tumbo lake linataka kupasuka, kama anavyojieleza katika sura ya 32, anastahili kusomwa kwa makini na kijana mwenzake.

Wazazi wangu wameniuliza nitaishi vipi kwa shahada hii. Nimewaeleza niliyoyaeleza hapa kuhusu ualimu, na wamekubali kunisaidia ada ya mwaka wa kwanza; kwa miaka inayofuata nimeshaanza kuomba ufadhili.

Nimeambatisha nakala ya matokeo yangu ya mtihani wa mwisho, barua ya mwalimu wangu wa Historia na insha yangu juu ya sura ya 3 ya Ayubu. Niko tayari kuitwa kwenye usaili siku yoyote mtakayopanga, na ningefurahi kuhojiwa juu ya lolote nililoandika humu, hasa pale ambapo mnaona nimekosea.

Wenu mtiifu,

Rehema Elia
Mwombaji, Shahada ya Kwanza ya Theolojia