Mikato ya kibodi katika Mwandiko 4.0: sababu za mabadiliko na namna ya kurudisha ya zamani

Ndugu watumiaji wa Mwandiko,

Mliokwisha kusakinisha toleo la 4.0 mmeona kwamba baadhi ya mikato ya kibodi mliyoizoea haifanyi tena kazi ileile. Ninafahamu kwamba mtu aliyekwisha kuzoea kuhariri kwa kibodi hafikirii tena kitufe gani abonyeze, na kwamba kumbadilishia mkato mmoja ni kumkatiza katikati ya sentensi. Kwa hiyo nawaeleza hapa kilichotulazimu kubadilisha chaguomsingi, na namna ya kurudisha mpangilio wa zamani, ambao haukufutwa bali umehifadhiwa wote ndani ya programu.

Kwa mwenye haraka, fungua menyu ya Mipangilio, chagua Kibodi, kisha katika sehemu ya Seti ya mikato chagua "Toleo la 3". Mabadiliko huanza kufanya kazi papo hapo bila kuifunga programu. Mikato uliyojiwekea mwenyewe kabla ya sasisho haikuguswa, na haitaguswa hata ukihama kutoka seti moja hadi nyingine.

Sababu iliyokuwa na uzito kuliko zote inahusu mikato iliyoanza na Ctrl+Alt. Kibodi za lugha nyingi zina kitufe cha AltGr upande wa kulia, ambacho waandishi hukitumia kupata herufi zisizo na kitufe chake maalumu, na Windows hukichukulia kitufe hicho kuwa sawa na Ctrl na Alt zilizobonyezwa pamoja. Katika toleo la 3, Ctrl+Alt+L iliweka kiungo, Ctrl+Alt+S ilihifadhi hati zote zilizo wazi, na Ctrl+Alt+Q iligeuza aya kuwa nukuu. Matokeo yake ni kwamba mtu anayeandika Kipolandi, akitaka herufi ł kwa AltGr+L, alifunguliwa kisanduku cha kuweka kiungo, na akitaka ś kwa AltGr+S, hati zake zilihifadhiwa ilhali herufi haikutokea. Mwenye kibodi ya Kijerumani hakuweza kuandika alama ya @, kwa sababu huko hupatikana kwa AltGr+Q. Programu ya kuandikia inayomnyima mtu herufi za lugha yake mwenyewe imeshindwa katika kazi yake ya kwanza, na kwangu mimi sababu hii peke yake ingetosha kufanya mabadiliko haya. Sasa kiungo huwekwa kwa Ctrl+K, hati zote huhifadhiwa kwa Ctrl+Shift+S, na nukuu hupatikana kwa Ctrl+Shift+9. Wanaotumia Mac hawakuguswa na sehemu hii, kwa kuwa huko mikato yetu hutegemea kitufe cha Command.

Sababu ya pili ni mikato ya herufi moja katika hali ya kusoma, ambako J na K zilimpeleka msomaji aya ya mbele au ya nyuma na F ikafuta maoni yaliyochaguliwa. Kwa anayebonyeza vitufe kwa vidole, mpango huo ni mwepesi na wa kupendeza. Lakini wapo wanaoiendesha kompyuta kwa sauti, na neno moja likitamkwa wakati kishale hakiko mahali pa kuandikia, programu hulipokea kama mfululizo wa herufi na kutekeleza amri kwa kila herufi iliyo na mkato. Neno "fika", kwa mfano, lingeweza kufuta maoni na kisha kumrudisha msomaji aya moja nyuma kabla hajatambua kilichotokea. Mtu ambaye mikono yake hutetemeka, akagusa kitufe asichokikusudia, hupatwa na hasara hiyohiyo. Mwongozo wa WCAG 2.1 wa kurahisisha matumizi ya wavuti kwa watu wenye ulemavu, uliotolewa mwaka 2018 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unalizungumzia jambo hili katika kifungu cha 2.1.4: mkato wa herufi moja uweze kuzimwa, au uweze kubadilishwa ili uhitaji pia kitufe kama Ctrl au Alt, au ufanye kazi tu pale sehemu inayohusika inapokuwa imechaguliwa. Tumeamua mikato hiyo iwe imezimwa tangu mwanzo, na anayeitaka aiwashe, kwa kuwa anayeumizwa nayo ndiye aliye na ugumu zaidi wa kuifikia mipangilio.

Badiliko la tatu ni la Ctrl+W, ambayo zamani ilionyesha idadi ya maneno na sasa hufunga kichupo kilicho wazi, kama ilivyo katika vivinjari vya wavuti. Idadi ya maneno imehamia Ctrl+Shift+W. Hapa ndipo nawasihi muwe waangalifu zaidi katika siku za mwanzo, maana atakayebonyeza kwa mazoea ataona hati yake imetoweka. Hati yenye mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa haitafungwa kabla hujaulizwa, na kichupo kilichofungwa hurudi kwa Ctrl+Shift+T.

Mikato ya kunakili, kukata, kubandika, kutendua na kutafuta imebaki vilevile.

Baadhi yenu mliotumia matoleo ya majaribio mliuliza kwa nini seti mpya isiwekwe kwa watumiaji wapya pekee. Tulilipima pendekezo hilo kwa muda mrefu. Tuliliacha kwa sababu watu wawili wanaohariri hati moja wangekuwa na programu mbili tofauti pasipo wao kujua, na maelekezo ambayo mmoja anampa mwenzake yangemharibia kazi. Pia, wale waliokuwa wakinyimwa herufi zao ni watumiaji wetu wa zamani, nao wangebaki na tatizo lao.

Iwapo unataka kurudisha mkato mmoja tu, ubaki katika seti mpya, utafute kwa jina la kazi yake katika ukurasa huohuo wa Kibodi, kisha ubonyeze vitufe unavyovitaka. Kama vitufe hivyo vimekwisha kutumika kwingine, programu itakuonyesha ni wapi na kukuacha uamue. Ikiwa kibodi yako ina AltGr, nakushauri ufuate njia hii badala ya kurudisha seti nzima.

Wanaosimamia kompyuta nyingi wanaweza kuandaa faili moja na kuisambaza. Jina lake ni `mikato.json`, nayo huwekwa katika `%APPDATA%\Mwandiko` kwenye Windows, `~/.config/mwandiko` kwenye Linux, au `~/Library/Application Support/Mwandiko` kwenye Mac. Mfano huu unarudisha seti ya toleo la 3, lakini unaacha kiungo katika mkato wake mpya na kuzima mikato ya herufi moja:

```json
{
  "seti": "toleo-3",
  "herufi-moja": false,
  "badili": {
    "weka-kiungo": "Ctrl+K"
  }
}
```

Kabla ya kuibandika faili hiyo, tengeneza nakala ya ile iliyopo, kwa kuwa mikato ambayo mtumiaji amejiwekea huhifadhiwa humo humo.

Seti ya toleo la 3 itaendelea kuwemo katika matoleo yote ya 4, na hatutaiondoa baadaye bila kuwaarifu mapema. Ukikuta mkato wa seti mpya unaogongana na kibodi ya lugha yako au na kisoma skrini unachotumia, tafadhali tuandikie kupitia menyu ya Msaada, kipengele cha Tuma maoni, ukitaja lugha ya kibodi, mfumo wa kompyuta na vitufe ulivyobonyeza. Taarifa za namna hiyo zitashughulikiwa kabla ya maombi ya vipengele vipya.

Wenu katika kazi,

Msanidi mkuu wa Mwandiko