Dawa ya Jirani

Famasi moja karibu na Soko Kuu la Mtwara, Novemba, saa kumi na moja jioni. Msimu wa korosho umekolea, malori hayaishi barabarani. Nyuma ya kaunta yupo mfamasia, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo. Mteja ni baba wa makamo. Amepita mlangoni mara mbili ndipo akaingia, ameomba Panado, amepewa, amelipa, na bado amesimama.

MFAMASIA: Kuna kingine, baba?

MTEJA: Aa, hapana. Hivi... yule kijana wa siku ile hayupo?

MFAMASIA: Yule msaidizi wangu, kaenda kula. Kama ni jambo la siri, sogea huku pembeni kwenye maziwa ya watoto. Huku hatusikiki.

MTEJA: *(anasogea, anasoma kopo la maziwa kama mtu mwenye mtoto mchanga)* Si yangu mimi. Kuna jirani kanituma. Anataka ile krimu ya... akikaa panauma.

MFAMASIA: Bawasiri?

MTEJA: Pole pole, binti!

MFAMASIA: Samahani, baba. Basi tutaiita dawa ya jirani. Nina aina mbili, lakini siwezi kutoa kabla sijamjua huyo jirani. Ana umri gani?

MTEJA: Arobaini na saba. Kama mimi.

MFAMASIA: Imemwanza lini?

MTEJA: Wiki tatu hizi. Ni dereva, anabeba korosho Tandahimba kuleta bandarini. Kwenye foleni ya ghala anaweza kukaa ndani ya gari siku nzima.

MFAMASIA: Akienda haja kubwa, damu inatoka?

*(Mteja anatazama mlango.)*

MTEJA: Inatoka.

MFAMASIA: Nyekundu ya kung'aa, au nyeusi nyeusi?

MTEJA: Nyekundu. Inadondoka mwishoni, matone mawili matatu, nyingine naiona kwenye maji ninapo... anapojisafisha.

MFAMASIA: Imechanganyika na choo chenyewe, au inakuja pembeni?

MTEJA: Pembeni. Choo kigumu, kama kokoto. Na kuna kinyama kinatoka, nikimaliza kinarudi chenyewe.

*(Jirani ameshasahaulika. Mfamasia anaiacha ipite. Mara anaingia mama mmoja na mtoto, anasalimia kwa sauti.)*

MAMA: He, baba Salma! Unaumwa?

MFAMASIA: Kaja kuchukua Panado, mama. Karibu, nikusaidie nini?

*(Mama anachukua pakiti mbili za ORS, anaondoka. Jasho la mteja linapungua kidogo.)*

MTEJA: Asante, mwanangu.

MFAMASIA: Ndiyo kazi. Tuendelee. Kile kinyama kinaweza kukwama nje kisirudi? Kimeshawahi kuwa kigumu, cha bluu, na maumivu makali ya ghafla?

MTEJA: Hapana. Kinawasha, kinachoma.

MFAMASIA: Usaha? Homa? Umepungua mwili bila sababu? Choo kimebadilika, mara kuhara mara kufunga?

MTEJA: Hayo hamna. Kufunga choo tu.

MFAMASIA: Kwenu kuna mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeumwa saratani ya utumbo?

MTEJA: Sijasikia.

MFAMASIA: Choo cheusi kabisa, kama lami, umewahi kukiona?

MTEJA: *(kimya kidogo)* Wiki iliyopita. Siku nne tano hivi.

*(Hapa mfamasia anaiweka kalamu chini. Mtu akiulizwa habari ya damu hujibu nyekundu akadhani amemaliza; cheusi hakihesabu kama damu.)*

MFAMASIA: Siku hizo ulikuwa unameza nini? Dawa yoyote, hata ya kupewa na mtu.

MTEJA: Diklofenaki, ya mgongo. Lori linatikisa. Na... nilipoona damu inapotea nikachukua vile vidonge vya kuongeza damu vya mama Salma, alivyopewa kliniki. Nikasema nirudishe.

MFAMASIA: Vile vyekundu?

MTEJA: Hivyo hivyo. Kimoja kila asubuhi.

MFAMASIA: Ulipoviacha, choo kikarudi rangi yake?

MTEJA: Kikarudi. Siku ya tatu.

MFAMASIA: Vile vina madini ya chuma. Chuma kinafanya choo kiwe cheusi, na kinafunga tumbo. Ulikuwa unaongeza damu huku unajiumiza huko nyuma. Virudishe kwa mwenyewe, mama mjamzito anavihitaji. Lakini diklofenaki inanitia wasiwasi. Unaitumia muda gani?

MTEJA: Mwezi. Miwili. Nikiishiwa nanunua duka la pale stendi.

MFAMASIA: Inaweza kuchubua tumbo likavuja damu, na hiyo pia inatoka nyeusi. Chembe ya moyo inauma? Kizunguzungu ukisimama? Unahema ukipanda ngazi?

MTEJA: Hapana, kweli. Kazi nafanya.

MFAMASIA: Kisukari? Presha? Dawa ya kuzuia damu isigande?

MTEJA: Sina. Presha walipima mwaka jana ikawa nzuri.

MFAMASIA: Umeng'olewa jino ukachomwa ganzi?

MTEJA: Mara moja.

MFAMASIA: Ulivimba, au ulikosa pumzi?

MTEJA: Hapana. Kwani jino linahusu nini?

MFAMASIA: Krimu hii ina ganzi ndani. Na mwisho, umeshapaka nini hapo? Usinifiche.

MTEJA: *(anacheka kwa mara ya kwanza, kwa uchungu)* Ile dawa ya kuchua ya mgongo. Usiku. Nilikimbia uani bila kanzu.

*(Mfamasia anainamia droo kutafuta kitu ambacho hakimo, mpaka uso umtulie.)*

MFAMASIA: Pole, baba. Usirudie. Basi sikia. Nakupa krimu: asubuhi na usiku, na ukitoka chooni. Jisafishe kwa maji, jikaushe kwa kugusa, usisugue. Paka kidogo kama punje ya kunde, ndani tumia hiki kibomba, halafu osha mikono. Siku 7, usizidishe, ina steroidi, ngozi inakonda. Kama mnatumia kondomu, mafuta ya krimu yanaweza kuichana.

MTEJA: Haya.

MFAMASIA: Usiku kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, dakika 10 hadi 15. Maji matupu, usitie dawa ya kuulia vijidudu. Maji ya kunywa unakunywa kiasi gani?

MTEJA: Njiani sinywi, nisisimame simame kukojoa. Jioni uraka wa mabibo kidogo, msimu wenyewe huu.

MFAMASIA: Ndiyo kokoto hizo. Beba dumu la lita tatu ndani ya gari, usimame. Uraka upumzishe. Mbaazi, kunde, kisamvu, papai. Ugali wa muhogo na samaki peke yake hautoshi. Na haja ikija usiibane mpaka ghala linalofuata, wala usikae chooni na simu.

MTEJA: Simu ndiyo burudani yenyewe.

MFAMASIA: Iache nje. Diklofenaki acha leo. Hiyo Panado uliyonunua itakusaidia mgongo. Na wiki hii nenda hospitali ya Ligula wakupime wingi wa damu na wakuangalie. Miaka 47 na damu ya wiki tatu, siwezi kuapa kwa kukutazama juu ya kaunta kwamba ni hii tu. Choo cheusi kikirudi, damu ikiwa nyingi, au kizunguzungu, usisubiri kesho.

MTEJA: Wataniambia nivue.

MFAMASIA: Watakuambia. Omba daktari mwanaume, ni haki yako kuomba.

MTEJA: Bei gani?

MFAMASIA: Elfu tisa.

MTEJA: *(anahesabu noti)* Binti, lile boksi litupe. Limeandikwa makubwa.

MFAMASIA: Boksi natupa, karatasi ya maelezo naweka. *(Anatia tyubu kwenye bahasha ya kaki.)*

MTEJA: Juu uandike dawa ya mgongo.

MFAMASIA: Hapana, mtu mwenye mgongo ataipaka. Naandika hivi: asubuhi, usiku, siku 7, ya nje na kibomba.

MTEJA: *(anaisoma, anaitia mfuko wa ndani wa shati, anafika mlangoni, anarudi hatua mbili)* Hiyo Ligula, daktari mwanaume yupo siku zote?

MFAMASIA: Nenda asubuhi mapema, baba. Uulize dirishani.