Kupitia kwa Mkuu wa Shule

Barua ya Mwalimu Rehema ilikuwa na kurasa mbili. Ilielekezwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, na chini ya anwani, kama utaratibu wa utumishi unavyotaka, aliandika: Kupitia kwa Mkuu wa Shule. Kichwa cha habari alikipigia mstari kwa rula. Yah: Madai ya malipo ya majukumu ya ziada, Julai hadi Septemba.

Mwalimu Komba, mkuu wa shule, aliisoma yote akiwa amesimama. Kisha akaiweka mezani, mbali kidogo na mhuri.

"Mwalimu, hii siwezi kuipitisha."

"Kwa nini, Mkuu?"

"Keti kwanza."

"Nina kipindi saa nne na nusu. Nitasimama."

Shule yao ni ya kata, Tunduru ndani ndani, ambako wanafunzi wengine hutembea zaidi ya saa moja na nusu kufika darasani. Haina bweni. Waliotoka vijiji vya mbali walipanga vyumba mtaani, vile wanavyoviita mageto, wakajipikia na kulala wenyewe, wasichana wa miaka kumi na sita, kumi na saba, mlango ukifungwa kwa komeo la mbao. Ndiyo maana kambi ya kidato cha nne ilipoanza Julai, wazazi waliipokea kwa mikono miwili. Madarasa mawili yakatolewa madawati yakawa ya wavulana, moja la wasichana. Kila mzazi akaleta mahindi, maharage na godoro. Kikao kikapiga makofi.

Katika kikao hichohicho Mwalimu Komba alitangaza kwamba matroni atakuwa Mwalimu Rehema. Rehema alikuwa ameketi mstari wa pili, na alizisikia habari hizo pamoja na wazazi.

Walimu walikuwa kumi na wanne, wanawake wawili tu. Mwenzake alikuwa likizo ya uzazi. Kwa hiyo tangu Julai, Rehema alikuwa akifundisha Bayolojia na Kemia kidato cha kwanza hadi cha nne, mchana anashika zamu wiki yake ikifika, Jumamosi anasimamia mazoezi ya maabara, usiku anajaza takwimu za shule kwenye mfumo kwa sababu mtandao hukamata vizuri usiku, halafu anatandika godoro lake karibu na mlango, kati ya wasichana thelathini na wanane. Mtoto wake, Nasri, wa miaka minne, alilala nyumbani na dada wa kazi. Baba yake Nasri anafanya kazi Songea, anakuja mwisho wa mwezi.

"Hujaandika uongo," Mwalimu Komba alisema. "Hilo nakubali. Lakini barua hii ikifika wilayani, wataniuliza kambi ilipata kibali cha nani, michango ilipata kibali cha nani, na posho niliahidi kutoka fungu gani. Unaniweka pabaya."

"Sijaandika kwamba uliniahidi. Nimeandika kwamba nimefanya kazi."

"Kazi ya kujitolea."

"Anayejitolea si huwa anaulizwa kwanza, Mkuu?"

Mwalimu Komba alivua miwani. Si mtu mkorofi, na wanaomfahamu watakwambia hivyo. Mwaka uliotangulia watahiniwa sitini na mmoja walifanya mtihani wa Taifa, kumi na tisa wakapata sifuri, na Februari aliitwa mbele ya wakuu wenzake akatia sahihi karatasi ya kufuta sifuri. Alirudi siku hiyo kwa pikipiki akiwa mweupe kwa vumbi, akaenda moja kwa moja darasani kufundisha Historia, ingawa ratiba haikumpangia kipindi. Kambi ilikuwa wazo lake. Na lilikuwa wazo zuri: katika mtihani wa utamilifu wasichana walipanda kuliko wakati wowote tangu shule ifunguliwe. Rehema mwenyewe aliyabandika matokeo ukutani.

"Mimi nilipoanza kazi," Mwalimu Komba alisema, "tulilala na wanafunzi, tulichota maji nao, tulifyatua nao matofali. Hakuna aliyedai. Ualimu ni wito."

"Na mshahara wako wa wito ulifika kila mwezi?"

"Ulichelewa."

"Ulipochelewa mlinyamaza?"

Hakujibu.

"Mkuu, nimesoma Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, za mwaka 2009. Posho ya kazi za ziada imo."

"Imo kwa kibali, na kwa bajeti. Bajeti haipo. Tangu elimu bila malipo ianze 2016, hela ya uendeshaji unaiona mwenyewe inavyokuja. Nikinunua chaki na karatasi za mitihani, imekwisha. Nitakulipa kwa nini, Mwalimu? Kwa maharage ya wazazi?"

"Ndiyo maana sijaielekeza barua kwako. Nimeielekeza kwa mwajiri. Kwako inapita tu."

"Inapita na maoni yangu. Na wao watasema mkuu ameshindwa kusimamia watu wake." Akanyanyua ukurasa wa pili. "Halafu hii aya ya sita. Hii ni ya nini?"

Aya ya sita ilisema kwamba tangu 2016 mkuu wa shule hulipwa posho ya madaraka ya shilingi 250,000 kwa mwezi, kwa kutambua kwamba majukumu yake yanazidi ya mwalimu wa kawaida, na kwamba mwandishi anaomba kanuni hiyohiyo imwangalie na yeye.

Mwalimu Komba alivuta droo akatoa daftari la kaunta. Akalifungua katikati, akaligeuza limwelekee Rehema. Mlinzi wa usiku, 80,000. Mafuta ya pikipiki kwenda wilayani, mara tatu. Umeme wa luku wa madarasa ya kambi. Ream mbili za karatasi. Sukari ya uji. Kila mwezi ilikuwa hivyo, kwa mwandiko wake uliolala.

"Hiyo ndiyo posho ya madaraka," alisema. "Mke wangu hajawahi kuiona."

Rehema alizisoma kurasa tatu nzima. Hakuwa anajua. Hasira aliyoingia nayo ofisini ilipungua, lakini hoja yake ilibaki palepale, na aliona vyema kwamba hivi ni vitu viwili tofauti.

"Pole, Mkuu. Kweli pole. Lakini hizi umezitoa kwa kuamua. Ulizipokea mkononi kwanza, ukaamua. Mimi sijapokea, na sijaamua."

"Sasa unataka nifanye nini? Niwarudishe wasichana mageto? Novemba hiyo hapo. Unamkumbuka yule binti wa mwaka juzi. Alikuwa wa tatu darasani. Leo ana mtoto, anauza karanga stendi."

"Namkumbuka. Mimi ndiye niliyempeleka kupima."

"Basi."

"Basi nini, Mkuu? Usinibebeshe mimi wale watoto wote thelathini na wanane kana kwamba nisipolala pale, mimi ndiye niliyewatoa. Wana wazazi. Wana bodi ya shule, wana mtendaji wa kata, wana serikali. Kwa nini nikisema nimechoka, ghafla wana mimi tu?"

Sauti yake ilipanda. Katibu muhtasi hakuna shuleni hapo, lakini nje ya dirisha walikuwapo wanafunzi waliochelewa namba, wakifagia polepole kuliko kawaida. Mwalimu Komba akaenda kuwafukuza, akarudi.

"Soma namba nne," Rehema alisema kwa sauti ya chini.

"Nimeisoma."

"Isome tena."

Namba nne ilikuwa na mstari mmoja. Nauli ya bodaboda kumpeleka mwanafunzi mgonjwa zahanati, usiku wa tarehe 14 Agosti, shilingi 12,000.

Ilikuwa saa nane usiku. Binti alikuwa na homa kali, anaweweseka, haoni vizuri. Rehema alimpigia simu dereva wa bodaboda, wakambana binti katikati yao, wakaenda. Malaria ilikuwa imepanda. Alikaa naye mpaka dripu ikaisha, na alfajiri, njiani kurudi, dada wa kazi akapiga simu: Nasri naye amechemka tangu saa sita usiku, simu yako ilikuwa haipatikani. Asubuhi hiyo Rehema aliingia kidato cha tatu kipindi cha kwanza akiwa na nguo za jana. Nasri alipona. Lakini kwa wiki nzima, kila mama yake aliposhika mkoba wake jioni, mtoto aliuliza, "Unaenda kwa watoto wako wengine?"

Hilo la mwisho hakuliandika kwenye barua. Alimwambia Mwalimu Komba pale pale, amesimama, mara ya kwanza kumwambia mtu.

Kengele ya saa nne na nusu ikagongwa. Hakuondoka.

"Hukuniambia kuhusu Nasri," Mwalimu Komba alisema.

"Ungefanya nini?"

Alifikiri. "Ningekupa siku moja ya kupumzika."

"Na usiku wa siku hiyo, angelala nani na wasichana?"

Mkuu wa shule akarudi kwenye kiti chake. Akaisoma barua mara ya tatu, safari hii kwa kalamu mkononi, akitia alama ndogo pembeni ya kila dai: vipindi, Jumamosi, takwimu, kambi, nauli.

"Jumamosi mbili za Agosti umezisahau," alisema. "Tulikuwa na maabara tarehe mbili ambazo huku hazipo. Ziko kwenye daftari langu la matukio."

"Nitaziongeza."

"Na aya ya sita. Nakuomba uitoe. Watadhani tumegombana."

"Tumegombana, Mkuu."

"Mwalimu..."

"Aya ya sita inabaki. Ukitaka, andika kwenye maoni yako posho hiyo inakwenda wapi. Wao pia hawajui. Nadhani ingefaa wajue."

Alikaa kimya, kidole kikiwa juu ya daftari la kaunta. Alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu, na katika utumishi wake wote hakuwahi kuandika wilayani neno linaloweza kusomeka kama lawama. Maombi ya madawati, ndiyo. Maombi ya mwalimu wa Hisabati, kila mwaka. Kulalamika, hapana.

Akavuta barua. Chini ya sahihi ya Rehema, kwa ule mwandiko uliolala, akaandika: Majukumu yaliyotajwa yamefanyika kama yalivyoelezwa, na mengine hayakutajwa. Shule haina fungu la kuyalipa. Naomba halmashauri ilipe, na itupatie matroni wa kuajiriwa kabla ya Novemba. Nambatisha matumizi ya posho yangu ya madaraka kwa miezi sita.

Akagonga mhuri. Akatia tarehe.

"Inaweza isijibiwe," alisema.

"Najua. Nakala moja inakwenda kwa mwakilishi wa chama cha walimu."

"Sawa." Akampa barua. "Na leo usiku?"

"Leo nalala kwangu, Mkuu. Na kesho, na keshokutwa. Jumamosi nitakuja maabara hadi saa sita mchana, kwa sababu hilo nimeamua mwenyewe."

"Wasichana?"

"Hilo ni lako na bodi."

Mwalimu Komba akaangalia saa ya ukutani, akaangalia simu yake. Akaichukua.

"Nitamwambia mama Upendo, mke wangu, alale nao wiki hii mpaka bodi ikae. Nyumba yetu si iko hapo karibu."

Rehema alikuwa ameshafika mlangoni, vitabu kifuani. Akageuka.

"Utamwambia, au utamwomba?"

Mkuu wa shule alishusha simu.

"Nenda darasani, Mwalimu," alisema. "Kipindi chako kinaisha. Ngoja niende nyumbani nikaongee naye."