Uso Wangu Leo: Chati ya Hisia na Kikao cha Duara, Darasa la Awali

Chati ibandikwe kando ya mlango, usawa wa macho ya mtoto. Kila mtoto ana kibanio cha nguo chenye alama yake (samaki, nyota, embe), maana majina hawajaweza kuyasoma. Akishaamkia, anabana kibanio chini ya uso unaofanana na wake.

NIMEFURAHI. Meno nje! Nataka kurukaruka.
NINA HUZUNI. Machozi yananilengalenga. Nataka kupakatwa.
NIMEKASIRIKA. Nimekunja uso, nimekunja na ngumi. Mwili una joto.
NAOGOPA. Macho yamenitoka. Moyo unadunda du, du, du.
NAONA AIBU. Naangalia chini.
SIJUI BADO. (Uso huu hauna mdomo. Msiuondoe; wapo wanaouhitaji kila siku.)

Kikao cha duara, dakika 15, mkekani

Mwalimu anamshika mwanasesere Kidoti.

"Jana Kidoti alijenga nyumba ya vizibo. Mwenzake akapita mbio, nyumba ikabomoka. Tazameni." Mwalimu anakunja uso, anakaza ngumi. "Kidoti anajisikiaje?"

Hesabu moyoni hadi tano kabla ya kuongeza neno. Wengi watajibu, "Vibaya!" Hapo ndipo penye kazi yetu. Vibaya ni kapu kubwa. Ndani yake mna hasira, mna woga, mna aibu, na mtoto mwenye neno moja tu hawezi kutueleza lipi linamsumbua. Basi uliza: "Vibaya vya kulia, au vibaya vya kutaka kupiga? Nani atuoneshe kwenye chati?" Atakayeonesha kwa kidole bila kusema, amejibu. Wewe mpe neno: "Umeonesha hasira." Wote wakunje uso, kisha waulegeze.

Sasa kifuu cha nazi kinazunguka. Aliyekishika ndiye anayesema. Asiyetaka anampa jirani, na asibembelezwe. Mwalimu anaanza:

"Leo asubuhi nilikasirika. Daladala zilipita zimejaa, mabega yangu yakakakamaa. Nikavuta pumzi mara tatu. Sasa nimetulia."

Mtoto akisema analia kwa sababu kuku wao amechinjwa, usimwambie hilo si la kulilia. Na "mwanaume halii" isisikike kabisa kwenye mkeka huu. Mjibu: "Una huzuni. Ulimpenda kuku wako."

Hasira ikitajwa, wote waseme pamoja: "Kukasirika ruksa, kupiga hapana!" Wawili wawili wafanye mazoezi: "Nimekasirika. Nirudishie kizibo changu."

Kibanio kikikaa kwenye NAOGOPA siku kadhaa, zungumza na mtoto pembeni, kamwe si mbele ya wenzake. Akikueleza kwamba anaumizwa, msikilize bila kumhoji sana, mwambie amefanya vyema kusema, umjulishe mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Simu ya Mtoto, 116, hupigwa bure.

Kabla ya uji, anayetaka kuhamisha kibanio ahamishe. Jana mwenye embe alitoka kwenye huzuni, akasimama kitambo mbele ya chati, akabana kwenye SIJUI BADO, kisha akaenda kunawa mikono.